Kiatu cha Mwanasiti

Wifi yangu,

Viatu vimo ndani ya boksi, vyekundu kama mwenyewe alivyoniomba kwenye simu. Nimechukua vikubwa kidogo, maana mguu wa mtoto wa miaka 3 haungoji. Hadithi hii msomee usiku akishapanda kitandani. Kila ukifika penye "ta" mpige kofi dogo kwenye unyayo wa kulia, na penye "pwa" mtekenye wa kushoto. Asipoitikia "Pakawa", usiendelee, mwite tena mpaka aitikie.

*

Nasra, mwanangu, paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na mtoto, jina lake Mwanasiti. Akikaa Pemba kwa bibi yake, nyuma ya nyumba pana mkarafuu mkubwa, mrefu, mrefuuu.

Mwanasiti alikuwa na viatu vyekundu. Kimoja cha kulia, kimoja cha kushoto. Akitembea, viatu vinasema: ta, ta! Ta, ta!

Siku hiyo Bibi kaanika karafuu uani. Jamvi zima limejaa karafuu. Mwanasiti akavua viatu vyake, kwa sababu jamvini hapandwi na viatu. Akaviweka ukingoni. Akapanda, akawa anazigeuza karafuu pamoja na Bibi, huku na huku, huku na huku, zipate jua.

Mara mbingu ikanguruma. Gruuu!

Bibi akaita: "Mvua hiyo! Anua! Anua!"

Wee! Ami akaja mbio na polo. Shangazi akaja mbio na ungo. Majirani nao wakaja mbio, maana karafuu zikirowa zinaharibika. Mwanasiti naye akazoa kwa viganja vyake vidogo. Zoa, tia poloni! Zoa, tia poloni! Mvua ikamwagika, cha-cha-cha-cha, na wao washaingia ndani na karafuu zao. Hata moja haikurowa.

Mwanasiti akatazama miguu yake. Kiatu cha kulia hiki hapa, Bibi kamchukulia. Cha kushoto je?

Hakipo!

Akavaa kimoja, akatembea. Ta, pwa. Ta, pwa.

"Bibi, kiatu changu ki wapi?"

"Sikukiona, mke mwenzangu. Hebu katafute."

Ta, pwa. Ta, pwa. Akaenda mvunguni mwa kitanda. Paka kalala.

"Paka, kiatu changu ki wapi?"

"Nyau! Mimi nina miguu minne na sivai hata kimoja."

Ta, pwa. Ta, pwa. Akaenda jikoni. Kuku kaatamia kwenye kikapu.

"Kuku, umekikalia kiatu changu?"

Kuku akanyanyua bawa. Yai moja, mayai mawili, mayai matatu. Kiatu hakuna.

Ta, pwa. Ta, pwa. Akaenda barazani. Mbuzi kajikinga mvua, anatafuna, anatafuna.

"Mbuzi! Umekula kiatu changu? Fungua mdomo!"

Mbuzi akafungua. Aaaa! Majani matupu.

Machozi yakaanza kumlenga Mwanasiti. Bibi akampakata, akamfuta kwa ncha ya kanga yake. "Usilie, Siti. Kiatu hakina mabawa, kimo humu humu."

Mvua ikaanuka. Jua likatoka, jamvi likatandikwa tena. Ami akaliinua polo la karafuu, akalimimina.

Shwaaaa!

Karafuu zikashuka, zikashuka, zikashuka, halafu...

Puu!

Kitu gani hicho? Chekundu! Kidogo! Kimejaa karafuu mpaka juu!

"Kiatu changu!"

Kumbe walipokuwa wakianua mbio mbio, kiatu kilizolewa pamoja na karafuu. Bibi akacheka mpaka akakaa chini. Ami akacheka. Mbuzi naye: meee!

Bibi akataka kukiosha. Mwanasiti akasema, "Usikioshe, Bibi, kinanukia!" Akamnusisha Bibi. Akamnusisha Ami. Akaenda mvunguni kumnusisha Paka, na Paka akapiga chafya: chyaa!

Kisha akavaa viatu vyote viwili, akazunguka ua mzima. Ta, ta! Ta, ta! Ta, ta! Mpaka jua likatua, akapata usingizi, Bibi akambeba.

Hadithi yangu imekwisha.

*

Nasra, Mungu akukuze. Kesho ukiamka, kabla hujavaa, tia pua yako ndani ya kiatu cha kushoto. Kisha mwambie mama anipigie simu, uniambie mwenyewe kinanukia nini.

Shangazi yako, Wete