TANGAZO: Mkahawa wa Mdalasini, Malindi, Zanzibar, utafungwa kwa matengenezo kuanzia 1 Juni hadi 10 Julai 2026

Assalaamu alaykum wateja wetu, jirani zetu wa Malindi, na wasafiri wote mnaopita kwetu kabla ya kupanda boti.

Tunawatangazia kwamba mkahawa utafungwa kuanzia Jumatatu, tarehe 1 Juni 2026, ili tutengeneze dari na ukuta wa jikoni. Siku ya mwisho ya huduma ni Jumapili, tarehe 31 Mei, hadi saa 4 usiku. Tutafungua tena Jumamosi, tarehe 11 Julai 2026, saa 12 asubuhi, inshaallah. Sikukuu ya Mfunguo Tatu tupo, na biriani ya sikukuu itapikwa kama kila mwaka.

Tunakuombeni radhi sana. Siku 40 ni nyingi kwa mtu ambaye chai yake ya asubuhi ni hapa. Tunawafikiria wachukuzi wa bandarini wanaofika kabla hakujapambazuka, wavuvi wanaotoka kuuza samaki, walimu wanaopitia chapati na maharage ya nazi wakielekea skuli, na wazee wetu wa barazani ambao hapa kwao ni zaidi ya pahala pa kula. Usumbufu huu tunaujua, na hatukuamua kufunga kwa wepesi.

Sababu yenyewe ni hii. Maji ya masika yamepenya juu ya paa na kushuka ndani ya ukuta wa jikoni, hadi kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani. Boriti mbili zimeoza, na ya tatu imeanza kulainika. Anayekaa Mji Mkongwe anajua maana yake: boriti hizo za mikoko ndizo zinazobeba sakafu ya juu, na kichwa kikishaoza hakuna kinachoishikilia ila mazoea. Sote tunakumbuka tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit-al-Ajaib ilipoporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafariki. Nyumba yetu ni ndogo mno ukiilinganisha na ile, lakini chini ya dari yetu hukaa watu kutwa, watoto wakiwemo. Hatuwezi kumwandalia mtu sahani mahali ambapo sisi wenyewe tunatazama juu kwa wasiwasi.

Baadhi yenu mmetuuliza kwa nini tusizibe kwa saruji tukafungua baada ya siku tatu. Swali ni la haki, na jibu lake ndilo linaloeleza urefu wa kazi. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta za namna hiyo hunywa unyevu na kuutoa. Ukizipaka saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani, vikala ukuta taratibu, na lipu ikaja kubanduka vipande vipande. Kwa hiyo fundi ataondoa kwanza saruji yote iliyowahi kupakwa, atabadilisha boriti, kisha ataujenga upya ukuta kwa mawe na chokaa, tabaka baada ya tabaka. Chokaa haiharakishwi. Kila tabaka lazima likauke kabla ya kupakwa jengine, na likipigwa na mvua kazi inaharibika. Ndiyo maana tumesubiri masika ipite, tukachagua kipupwe, upepo wa kusi unapovuma na mvua zimepungua.

Mji wetu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kazi kama hii haifanywi bila ya kibali. Kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe tumekipata, na nakala yake imebandikwa mlangoni kwa atakayetaka kuisoma. Mlango wa mbele na baraza havitaguswa.

Sasa tuje kwenye mambo yenu.

Waliokwisha kuagiza chakula cha harusi kwa mwezi wa Juni na mwanzo wa Julai, msiwe na hofu: hakuna shughuli hata moja itakayovunjika. Wapishi wetu watakuja na masufuria yao na kupika nyumbani kwenu, kwa bei ile ile tuliyokubaliana, na gharama ya gari ni juu yetu. Anayeona kwake hakuna nafasi ya kupikia atarejeshewa malipo yake yote ya awali, bila kukatwa kitu. Afike kaunta na risiti kabla ya tarehe 31 Mei. Maagizo mapya ya harusi hatutapokea mpaka tufungue. Msiba ni jambo jengine, haumpi mtu taarifa: kwa chakula cha matanga na hitima tupigieni simu saa yoyote kwa namba ile ile iliyopo kwenye risiti zetu, na tutapika.

Mnaolipia chakula kwa mwezi, fedha za Juni tumeacha kuzipokea. Waliotangulia kulipa wanaweza kuzichukua, au zikahesabiwa kuanzia siku tutakayofungua. Chagueni wenyewe, hatutamlazimisha mtu.

Wazee wa mtaani wanaopelekewa chakula cha mchana wataendelea kukipata kila siku kutoka jiko la nyumbani kwetu. Hilo halina likizo.

Wafanyakazi wetu wote wanabaki na kazi zao na watalipwa mishahara yao katika muda wote huu. Tunalisema wazi kwa sababu tumesikia watu wakiwauliza kwa huruma watahamia wapi. Hawahami. Vijana waliozoea kukuhudumieni mtawakuta wale wale. Wanaotuletea samaki, maziwa, nazi na viungo watalipwa hesabu zao zote ifikapo tarehe 31 Mei.

Jirani zetu, kwenu ombi letu ni kubwa zaidi, kwa kuwa nyinyi mtakula vumbi letu bila ya kula chakula chetu. Kazi itafanywa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, itasimama wakati wa sala, na Ijumaa haitafanywa kabisa. Kifusi kitatolewa kwa mkokoteni kila jioni ili kichochoro kisizibe. Mkiona mawe yamelala njiani au kelele zimepita kiasi, mgongeeni msimamizi hapo hapo, ameambiwa asikilize.

Jambo dogo lakini tunalihitaji: wenye mabakuli na hotipoti zetu majumbani, tunaomba zirudi kabla hatujafunga, maana tunahesabu na kufungasha vyombo vyote.

Tukiona kufikia Jumapili, tarehe 5 Julai, kwamba ukuta haujakauka vya kutosha, tutabandika taarifa mlangoni siku hiyo hiyo na kuwapigia simu wote wenye maagizo. Hatutawasha jiko kwenye ukuta mbichi, hata kama ni kwa kuchelewa siku chache.

Siku ya kufungua, Jumamosi tarehe 11 Julai, chai itakuwa bure kwa kila atakayeingia kuanzia saa 12 hadi saa 4 asubuhi. Supu, chapati, mbaazi za nazi, maandazi na mkate wa ufuta vitakuwepo tangu mlango utakapofunguliwa, na urojo kuanzia saa 9 alasiri kama mlivyozoea.

Tunakuombeni tena radhi, na tunashukuru kwa subira yenu.

Uongozi na wafanyakazi,
Mkahawa wa Mdalasini
Malindi, Mji Mkongwe, Zanzibar
18 Mei 2026