Barua ya Kuomba Mapendekezo ya Ufadhili wa Masomo ya Uzamili

Sinza, Dar es Salaam
2 Septemba 2025

Dkt. Mushi,
Shule Kuu ya Sheria,
Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwalimu, shikamoo.

YAH: OMBI LA KUNIANDIKIA MAPENDEKEZO YA UFADHILI WA MASOMO YA UZAMILI

Ni mimi Neema Kombo, niliyesoma kwako Sheria ya Familia na kuhitimu mwaka 2021. Kwenye semina zako nilikaa karibu na dirisha. Mwaka wa mwisho ulinisimamia utafiti wangu kuhusu mgawanyo wa mali za ndoa.

Ninaomba ufadhili wa Jumuiya ya Madola ili nisome shahada ya uzamili ya sheria nchini Uingereza, nikijikita katika sheria ya familia na mali. Natakiwa kutaja wadhamini wanaoifahamu kazi yangu ya kitaaluma, na ningependa wa kwanza awe wewe, ukiridhia.

Nimekufikiria wewe kwanza kwa sababu ya insha ile ya mwaka wa tatu kuhusu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Niliandika kwamba mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitambua kazi za nyumbani kuwa mchango wa mke katika mali ya ndoa, nikaishia hapo nikishangilia. Ulinirudishia karatasi ukiwa umeandika pembeni kwa wino mwekundu: "Je, huyu mama aliondoka na nini?" Nilikuwa sijaisoma hukumu hadi mwisho. Niliposoma ndipo nikaona kwamba hoja yake ilikubaliwa lakini rufaa ikatupwa, kwa kuwa mahakama ilihesabu fedha ambazo mumewe alikuwa ameshampa. Niliandika upya insha nzima. Tangu siku hiyo sijawahi kunukuu hukumu ambayo sijafika mwisho wake.

Swali lako ndilo ninaloishi nalo kazini. Tangu 2023 niko katika ofisi ya msaada wa kisheria Temeke. Mwezi uliopita nilimhudumia mama wa Mbagala aliyekaanga vitumbua kwa miaka 19, akalipa ada za watoto na kununua chakula, huku mshahara wa mume ukienda kwenye tofali na bati. Nyumba ina jina la mume peke yake. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Ila mama yule hana stakabadhi hata moja, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba siku moja ataulizwa ushahidi wa vitumbua. Nataka kusoma jinsi mahakama za nchi nyingine za Jumuiya ya Madola zinavyoupima mchango usioandikwa popote, kisha nirudi Temeke. Naomba ulielewe hilo la kurudi, maana nimelisema katika andiko langu kwa moyo wangu wote.

Ukikubali, ningefurahi ueleze ulichokiona mwenyewe: utafiti wangu, namna ninavyopokea masahihisho, na mchango wangu katika mahakama igizo ya mwaka wa nne. Kuna alama C niliyoipata mwaka wa pili, muhula ambao mama yangu alilazwa nami nikawa nakesha wodini. Nimeieleza mwenyewe kwenye maombi. Sikuombi uifiche wala uitetee.

Nimeambatanisha wasifu wangu, nakala ya matokeo, andiko la maombi na utafiti ule wa mwaka wa mwisho wenye masahihisho yako, ili usihangaike kutafuta. Nimepanga kuwasilisha maombi tarehe 30 Septemba. Nikishaandika jina lako, utapokea kiungo kwa baruapepe, na barua utaiweka hapo wewe mwenyewe bila mimi kuiona.

Najua Septemba una tasnifu za kusoma. Kama muda hautoshi, au kama unaona huna la kutosha la kusema juu yangu baada ya miaka hii minne, niambie tu, Mwalimu. Nitaelewa, na heshima yangu kwako itabaki palepale. Nitashukuru nikipata jibu kabla ya tarehe 12, ili kama haitawezekana nipate nafasi ya kumwomba mwalimu mwingine. Ukitaka tuonane, Ijumaa mchana huwa sina mashauri; nitapanda daladala nije Mlimani saa yoyote utakayonipangia. Namba yangu ya simu ni ileile.

Nisalimie nyumbani.

Mwanafunzi wako,

Neema Kombo