Safari njema, dada Rehema

Dada Rehema,

Shikamoo. Najua utaguna, maana umeshaniambia mara ngapi kwamba tumepishana miaka minne tu na shikamoo zangu zinakuzeesha. Ya leo ipokee tu.

Mchana kwenye keki waliponisimamisha niseme maneno mawili, nikasema mawili kweli: "Tutakumisi sana." Nikakaa. Na bado hayakuwa yale niliyotaka kusema. Kwa hiyo nayaandika hapa, bosi na wale wa mauzo wakiwa hawapo.

Unaikumbuka tarehe 30 Juni ile, mwaka wangu wa kwanza? Tunafunga hesabu, mimi na wewe tumetumwa stoo ya Barabara ya Pugu kuhesabu mali. Saa moja jioni umeme ukakatika, jenereta haina dizeli. Tukaendelea kwa tochi za simu, wewe unasoma kadi za stoo, mimi napita kwenye safu nahesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Mbu wa pale walikuwa na njaa kuliko sisi. Tukafika kwenye sabuni za kufulia: leja inasema katoni 640, mimi nimepata 628.

Nikahesabu tena. 628. Mzee wa stoo amesimama mlangoni na funguo zake, hasemi kitu, anazigeuzageuza tu mkononi. Na mimi, dada, nilishaanza kuandika. Nilikuwa na kalamu ya wino mwekundu, nikaandika "upungufu 12" na chini yake nikaanza jina lake. Kijana wa miezi mitatu kazini, najiona mkaguzi mkuu wa serikali!

Ukaniwekea mkono juu ya karatasi. Ukasema, "Juma, jina la mtu halifutiki kwa raba. Tule kwanza, halafu tuhesabu tena." Ukatuma kijana akaleta chipsi mayai tatu, ya tatu ya mzee. Tukala palepale, kachumbari inadondokea kwenye fomu. Tulipomaliza ukanyanyuka, ukajipangusa sketi, ukamulika nyuma yako, ukaanza kucheka mpaka simu ikakudondoka. Katoni 12. Zimepangwa vizuri, nne nne, zimefunikwa kwa turubai, na wewe umezikalia tangu magharibi! Mimi mwenyewe ndiye niliyezisogeza ili upate pa kukaa.

Mzee hakucheka siku ile. Alikaa chini tu, akavua kofia. Baadaye ndiyo nilisikia kwamba kabla yake kuna mwenzake aliyeondolewa kwa upungufu mdogo kuliko huo. Wewe ulikuwa unalijua hilo. Kwenye ripoti ukaandika "Tofauti: hakuna" na hukumsimulia mtu, hata kwa utani, hata siku zile nilipokukera kweli. Sijawahi kukushukuru kwa hilo. Asante.

Mengine ni madogo madogo. Nani sasa atanikumbusha kukata risiti za EFD kabla mteja hajaondoka? Nani atajifanya hanywi chai halafu anamega andazi langu "kidogo tu"? Ile kalkuleta yako yenye tano iliyofutika nimeikuta mezani kwangu na karatasi juu yake. Nimeielewa. Naitunza, na simwazimi mtu wa mauzo.

Mwanza watakufaidi. Shemeji ameshatangulia, nyumba ipo, kazi umepata hata kabla ya kufunga mabegi. Nyota yako kali. Ukizoea kupanda yale majabali kila siku utarudi huku unatucheka sisi watu wa tambarare. Na sato wa kule usituletee picha, ni dhambi. Tuletee wenyewe, waliokaushwa vizuri, kuna mabasi kila siku. Asubuhi ukikutana na bibi wa Kisukuma, mwambie "mwangaluka" kabla hujauliza bei, utaona dagaa zinavyoongezwa. Mama yangu mkubwa alikaa Nyegezi miaka mingi, namba yake nakutumia sasa hivi. Nimeshamwambia ana mwanawe mwingine anakuja, na watoto wawili.

Mzee wa stoo anakusalimu. Nilimpigia leo. Amesema nikwambie, ukifika, usikalie kitu kabla hujakimulika.

Kesho saa kumi na moja alfajiri nitakuwa stendi ya Mbezi, upande wanakopakia mizigo. Usimkubalie kondakta akuharakishe, na mabegi yasiingie kwenye buti mpaka nifike: tutayahesabu mara mbili. Chapati za njiani nakuja nazo mimi, nane, wewe beba maji tu.

Mdogo wako,
Juma