Zoezi la Pili: Kufundisha Saa kwa Watoto wa Pwani

Kwa walimu wanagenzi wa mwaka wa pili walio katika mazoezi ya kufundisha, Kaunti ya Lamu
Somo: Mbinu za Kufundisha Hisabati
Alama: 40
Mwisho wa kuwasilisha: Ijumaa, 12 Juni 2026, saa 5:00 asubuhi

Saa zote katika waraka huu ni za Kiswahili. Nalitaja mapema kwa kuwa zoezi lenyewe linahusu jambo hilo.

Mtoto wa Gredi 4 hapa kwetu ana saa mbili kichwani. Nyumbani huambiwa shule inaanza saa mbili. Akifungua kitabu cha Hisabati hukuta 8:00 a.m., na simu ya babake huandika 08:00. Sisi twahesabu saa za mchana tangu jua kuchomoza na za usiku tangu kuchwa. Lamu iko takriban nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, kwa hivyo urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima na hesabu hiyo haimpotezi mtu. Siku nayo huanza magharibi: bibi akisema "usiku wa Ijumaa" anakusudia usiku ambao kalenda ya ukutani bado inauita Alhamisi. Mtoto anayeandika "7:00 a.m." kwa saa saba mchana si mzito wa hesabu. Ameleta darasani hesabu iliyo sahihi ambayo mwalimu hakuitarajia.

Kazi yako

Kazi ina sehemu tatu, na zote zinategemeana.

Kwanza, weka kumbukumbu. Kuanzia Jumanne 2 Juni hadi Ijumaa 5 Juni, andika saa ambayo maji yamejaa kabisa karibu na shule au nyumba unakokaa. Chagua kujaa kwa mchana, na ufuate kuko huko siku zote nne. Mwezi utakuwa mpevu tarehe 31 Mei, kwa hiyo utaanza wakati wa bamvu na kuona maji yakielekea kuwa mafu. Tazama kwa macho yako, kisha muulize mvuvi au nahodha mmoja vipi yeye hujua saa ya maji bila kutazama simu. Mwombe idhini, mweleze unachofanyia, wala usiandike jina lake. Mlioko Mpeketoni, Witu na kwingine bara mbali na bahari, andikeni saa ya mwezi kuchomoza usiku. Nao hukawia kila siku, na ni mwezi huohuo unaovuta maji.

Pili, tayarisha andalio la somo moja la dakika 35 la Gredi 4, mada ya Vipimo, mada ndogo ya Wakati. Litumie kumbukumbu zako. Liwe na matokeo maalumu yanayotarajiwa (mawili yatosha, matatu ndiyo mwisho), swali dadisi, shughuli za kujifunza, zana na tathmini. Umilisi wa kimsingi utaje ule tu utakaoonekana darasani. Andalio linalotaja zote saba kwa dakika 35 halinishawishi. Fundisha somo hilo kabla ya 11 Juni, mwalimu mlezi akiwapo.

Tatu, andika tafakari: wanafunzi walifanya nini, walikwama wapi, na wewe ungebadilisha nini.

Mfano wa kiwango cha swali ninachotaka kuona katika tathmini: "Jumatatu maji yalijaa saa 7:10 mchana. Ikiwa hukawia kama dakika 50 kila siku, Alhamisi yatajaa saa ngapi? Andika jibu kwa saa ya Kiswahili, kisha kama liandikwavyo kitabuni." Mtoto atakusanya dakika 150, azigeuze kuwa saa 2 na dakika 30, afike saa 9:40 alasiri, ndipo aandike 3:40 p.m. Hapo hesabu ina kazi.

Mtego mmoja nauona kila mwaka. Mwalimu huwaambia watoto "tazama nambari ya upande wa pili wa saa", basi. Ni kweli nambari zinazoelekeana kwenye uso wa saa zinapishana kwa 6, na kwa mtoto mwenye haraka ni njia ya mkato nzuri. Lakini asiyejua kwa nini ni 6 atababaika akiulizwa kuhusu saa tano usiku, au akipewa saa ya dijitali isiyo na upande wa pili. Onyesha kwanza jua linapochomoza na mahali hesabu inapoanzia. Njia ya mkato ifuate.

Urefu

Andalio lisizidi kurasa 2. Tafakari iwe na maneno 900, na nitavumilia hadi 990. Nikifika hapo naacha kusoma. Jedwali la kumbukumbu halihesabiwi. Andika kwa Kiswahili sanifu, ila maneno ya wanafunzi yanukuu kama walivyoyasema, kwa lahaja yao, bila kuyasahihisha.

Nitakavyosahihisha

Kumbukumbu za maji au mwezi: alama 8. Nataka saa, mahali na namna ulivyojua kuwa maji yamefika kilele. Dakika 50 ni wastani tu. Karibu na bamvu maji hukawia pungufu ya hapo, na yakiwa mafu hukawia zaidi ya hapo, kwa hivyo jedwali linalosogea dakika 50 kamili kila siku nitalitilia shaka.

Andalio: alama 12, nusu yake kwa ulinganifu baina ya matokeo uliyoahidi na tathmini uliyoweka.

Zana: alama 6. Saa ya boksi iliyotengenezwa vizuri inapata alama zote. Usinunue kitu.

Tafakari: alama 14. Hapa ndipo wengi hupanda au kushuka. "Somo lilikwenda vizuri na wanafunzi walifurahia" haina alama hata moja. Nipe kosa moja halisi la mwanafunzi, mantiki iliyokuwa nyuma yake, na ulilofanya dakika ileile. Somo lililoharibika na kuchambuliwa vyema litapata zaidi ya somo lililofana bila maelezo.

Kanuni za kuwasilisha

Nakala ya karatasi, A4, itiwe katika sanduku la idara. Mwandiko wa mkono wakubaliwa ukisomeka. Kwenye jalada weka namba yako ya usajili peke yake. Walioko Faza, Kizingitini na Siyu wanaweza kutuma PDF kwa baruapepe ileile wanayotumia kwa ripoti za wiki, faili ikiitwa kwa mtindo huu: `HIS-Z2-417.pdf`, mahali pa 417 ukitia namba yako. Picha za kurasa zilizopigwa kwa simu na kutumwa moja moja sitazipokea. Ambatanisha fomu ya mwalimu mlezi iliyotiwa sahihi.

Kuchelewa kunapunguza alama 2 kwa kila siku. Baada ya siku 3 kazi haisahihishwi. Ugonjwa na msiba ni udhuru. Kusi likichafua bahari na boti zisitoke, nijulishe siku hiyohiyo, si wiki inayofuata.

Walio kisiwa kimoja wanaruhusiwa kulingana katika saa za maji. Wakilingana katika tafakari, wote wawili wanapata sufuri na suala linapelekwa kwa mkuu wa idara.

Usitaje jina la mwanafunzi wala la shule, na usiambatanishe picha yenye uso wa mtoto. Usiwapeleke wanafunzi ufuoni kwa ajili ya zoezi hili bila idhini ya maandishi ya mwalimu mkuu.

Maswali nitayapokea idarani Jumatano 3 Juni, saa 8:00 hadi saa 10:00 alasiri. Anayetoka mbali aulize kupitia kiongozi wa kundi lake, ili jibu liwafikie wote.

Mkufunzi wa somo, Idara ya Hisabati