Taarifa ya ajali: mgeni aliyeumia kifundo cha mguu wakati wa kushuka mlima

Kwa: Meneja wa Safari
Nakala: Kitengo cha Madai, kampuni ya bima
Siku ya ajali: Jumamosi, 14 Juni 2025, saa 8:40 mchana

Aliyeumia ni mgeni wa kike, miaka 46, katika kundi la wageni 7. Mimi nilitangulia, mwongozaji mwenzangu alifunga msafara. Tulikuwa tumebakiza kama kilomita 3 kufika langoni, tunashuka ngazi za magogo kwenye mteremko mkali. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika kabla ya saa 6.

Mimi na wageni watatu tulishalikanyaga gogo lile lile bila kuhisi kitu. Yeye alipolikanyaga lilikatika upande wa kushoto, mguu wake wa kulia ukanasa kati ya gogo na jiwe, akaangukia mbele. Nilisikia mti ukivunjika kabla ya kusikia ukelele wake. Wageni wawili waliokuwa nyuma yake waliona hivyo hivyo. Kila mmoja ameandika maelezo yake peke yake, nayo nimeyaambatisha.

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu fomu ya madai inauliza iwapo majeruhi alichangia ajali. Hakuchangia. Hakuwa akikimbia wala kupiga picha. Alivaa buti zilizofunika kifundo, alishika fimbo mbili, na alifuata kila nilichoagiza kabla ya kuanza kushuka. Gogo lilikuwa limeoza ndani huku nje likionekana zima, kama picha zinavyoonyesha.

Kifundo kilivimba upande wa nje papo hapo. Alilia nilipogusa mfupa, na hakuweza kuukanyagia mguu. Ngozi haikuchanika, vidole vilikuwa na joto na alivichezesha. Nililegeza kamba za buti bila kulivua, nikafunga gango na bendeji, kisha nikaendelea kukagua vidole njia nzima. Hakugonga kichwa wala hakuzimia. Tulimfunika blanketi asipate baridi, na hatukumpa chakula, endapo angehitaji upasuaji.

Saa 8:55 niliwapigia simu askari wa hifadhi. Machela ilifika saa 10:05, tukambeba kwa zamu, na saa 12:20 jioni akapakiwa kwenye gari la wagonjwa. Mwenzangu aliwashusha wageni wengine salama.

Cheti cha hospitali kinasema mfupa wa nje wa kifundo umevunjika bila kuachana, na amefungwa plasta. Mimi si daktari. Kuhusu muda wa kupona, fuateni cheti.

Mgeni yuko mbali na kwao na hawezi kusafiri kwa kiti cha kawaida cha ndege. Naomba bima imjibu mapema kuhusu kiti cha kunyoosha mguu na mtu wa kumsindikiza. Askari wa hifadhi nimewaonyesha magogo mengine mawili yanayobonyea. Hadi yatakapobadilishwa, naomba makundi yetu yashuke kwa njia ya mashariki.

Viambatisho: picha 5, maelezo ya mashahidi, nakala ya cheti, risiti ya gari la wagonjwa.

Mwongozaji kiongozi wa kundi
15 Juni 2025