Daftari la Sefu

Duka langu liko Ngamiani, Tanga. Fotokopi, kuskani, laminesheni, kuchapa barua, kujaza fomu za mikopo ya chuo. Kompyuta ni mbili: moja yangu, nyingine ya wateja, ile ya pembeni ambayo herufi E imefutika kwenye kibodi. Sefu aliipenda ya pembeni kwa sababu ukiikalia unaupa mlango mgongo na hakuna anayekuona uso.

Sefu ni mpwa wangu, yuko kidato cha pili. Dada yangu alimleta mwezi wa pili akaniambia, "Kaka, akitoka shule awe anakuja hapa akusaidie. Labda atazoea watu."

Hakuzoea. Mteja akisema, "Kijana, nitolee kopi tano," Sefu anatoa kopi tano, anahesabu chenji, anaiweka juu ya meza badala ya mkononi. Shikamoo anatoa, hilo siwezi kumsingizia, ila lazima uwe unaitegea ndipo uisikie.

Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili. Alipoingia sekondari karibu masomo yote yakageuka Kiingereza. Wenzake wasipoelewa huuliza, au hupiga kelele hadi mwalimu arudie. Sefu alinyamaza kidato cha kwanza chote, na hisabati ikampita hivyohivyo, kama basi linalompita abiria asiyenyoosha mkono. Na mtihani wa taifa wa kidato cha pili ulikuwa unamsubiri Novemba.

Mimi ndiye niliyemwonyesha ile programu ya kufundishia. Unaandika swali, inakujibu kwa maandishi, kwa Kiswahili ukitaka, na ukirudia swali lilelile mara saba haikukunjii uso. Siku ya kwanza nilimwacha nayo nikaenda kuswali alasiri. Niliporudi, alikuwa hajaandika kitu. Alikuwa ameketi anaitazama. Ikanibidi nijifanye nina shughuli nje ya duka, nikazungumza na fundi baiskeli wa jirani karibu nusu saa, na niliporudi nikasikia kibodi inalia.

Kufikia mwezi wa tano, dada yangu alikuwa akimsimulia kila mtu kwamba kuna mashine dukani kwa kaka yake inayomjua mwanawe. Siku moja alikuja na bakuli la mihogo, akasimama nyuma ya Sefu akasoma kwenye kioo. Mashine ilikuwa inamwuliza kama lile tatizo la alama za kutoa lililomsumbua juma lililopita limekwisha, kisha ikampa mfano wa gia za baiskeli, kwa kuwa yeye anaelewa vizuri kwa mifano ya baiskeli.

"Imejuaje habari za baiskeli?" dada akaniuliza.

"Labda kamwambia."

"Juma zima imeyashika! Mwalimu wake mimi nimekwenda kikao cha wazazi, kanitajia mtoto wa mtu mwingine."

Nami niliamini. Mpaka kijana wa fundi baiskeli alipoomba ajaribu. Akakaa kiti kilekile, programu ileile, na mashine ikamwuliza yuko darasa gani na anataka kujifunza nini. Kesho yake akarudi, ikamwuliza tena yuko darasa gani na anataka kujifunza nini. Akanikasirikia mimi, kana kwamba nimewapendelea wa ukoo wangu.

Jioni ile nilipokuwa nafuta mafaili ya wateja (watu huacha vyeti vyao vya kuzaliwa kwenye kompyuta ya umma bila wasiwasi wowote, jambo ambalo sitalizoea), nikaliona: `daftari.txt`. Nilidhani ni la mteja. Nikalifungua.

Mstari wa kwanza ulisema: "Mimi naitwa Sefu. Niko kidato cha pili. Tulishaonana."

Chini yake yalifuata masomo, moja baada ya jingine, kila moja na tarehe yake. Maelezo ya mashine aliyoyanakili na kuyabandika. Maswali aliyokosa. Maswali aliyopata, yakiwa na nyota. Na katikati, sentensi zake mwenyewe: "Naelewa kwa baiskeli." "Usiniambie hongera mara nyingi." "Nikikosa niambie nimekosea wapi, usinipe jibu."

Kesho yake nilimchungulia kwa pembe ya jicho. Akafungua daftari, akabonyeza `Ctrl+A`, `Ctrl+C`, akaenda kwenye programu, `Ctrl+V`. Ukurasa mzima ukamwagika pale. Mashine ikayasoma yote toka juu, ikamjibu kama rafiki aliyeachana naye jana. Kumbe yenyewe haibaki na kitu. Dirisha likifungwa, Sefu kwake hayupo tena, wala hajawahi kuwapo. Inachokijua ni kile kilichoandikwa mbele yake wakati ule, basi. Kila alasiri mtoto alikuwa anajitambulisha upya kwa kiumbe kisichomjua, ila alijitambulisha vizuri kiasi kwamba hata mama yake hakugutuka.

Sikumwambia kama nimeona. Ningemwambiaje? Mtoto anayeweka chenji mezani.

Mwezi wa saba daftari likawa refu mno. Mashine ikaanza kuyasahau ya juu. Siku moja ikampa mifano ya maembe sokoni. Nilimwona amekunja uso. Siku tatu hakufanya swali hata moja, alipunguza daftari tu. Somo la kurasa mbili akalifanya mistari miwili. Kuhusu logi, kwa mfano, kilibaki hiki: "Logi zikijumlishwa, namba zinazidishwa. log 2 + log 5 = log 10 = 1. Mimi huwa nakosea hapa najumlisha namba napata log 7." Mimi niliyeacha shule kidato cha nne, nilielewa logi siku ile, nikiwa nimesimama na ufagio mkononi.

Ila mashine ilikuwa na jambo moja ililomng'ang'ania nalo. Akiuliza swali gumu, ilimjibu, kisha mwishoni ikamshauri akamwulize na mwalimu wake darasani. Sefu alibandika hata ushauri huo. Alikuwa mwaminifu kwa daftari. Kwa hiyo kila siku mashine ilipolisoma, ikaukuta, ikamwuliza: umeshamwuliza mwalimu? Haikuwa na nia mbaya. Ilikuwa inasoma alichokileta mwenyewe.

Halafu nikakuta mstari mpya: "8/8. Leo nimemwuliza mwalimu darasani. Amefurahi."

Nikatabasamu peke yangu, nikafunga. Nilikuwa nimeshazima taa ya nje ndipo nikakumbuka. Tarehe 8 Agosti ni Nane Nane. Shule zilifungwa. Sefu alishinda dukani kutwa nzima, tulikula ubwabwa pamoja.

Uongo ule ulimponza. Siku iliyofuata mashine ilisoma daftari, ikafurahi kwa maneno yake, ikataka kujua mwalimu alijibu nini. Sefu akakaa. Mikono ameiweka mapajani. Mteja akaja kutaka laminesheni, nikamhudumia mimi. Siku ya pili ikamwuliza tena, maana mstari ulikuwepo. Siku ya tatu alifungua daftari akatazama muda mrefu, asilibandike, akalifunga. Akaniambia kichwa kinamwuma, akaenda nyumbani mapema.

Nikiri jambo hapa. Usiku ule nililifungua daftari nikaweka kidole kwenye kibodi. Nilitaka kumwandikia kitu. "Sefu haogopi watu." "Sefu hunyoosha mkono darasani." Mashine ingeamini. Ingemwita jasiri kesho yake, na keshokutwa, kila siku ambayo angelibandika. Mtu ungeweza kumtengenezea mtoto maisha mazima mle ndani. Nikakumbuka anavyojua kila herufi iliyomo, nikaondoa kidole. Nikazima kompyuta bila kuifunga vizuri, jambo ninalowagombeza wateja kila siku.

Jumatatu mstari wa Nane Nane haukuwepo. Ameufuta. Mashine ikaanza na logi kama kawaida, haikuuliza mwalimu alijibu nini wala haikuonyesha kwamba kuna kitu imepungukiwa. Nilidhani atapata nafuu. Lakini Sefu alifanya maswali matatu akayakosa yote, akawa anatazama ukutani, pale nilipobandika bei za kopi.

"Mjomba," akasema.

Nikaacha nilichokuwa nafanya, maana huwa haanzi yeye.

"Ukifuta kitu kwenye kompyuta, kinaondoka kabisa?"

"Wanasema fundi anaweza kukirudisha."

"Si hivyo."

Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Umeme ukakatika, tukaanza kufunga.

Tarehe 19 ndipo nikakuta maandishi haya. Nayaandika kama yalivyo:

"Nimemwuliza kweli. Nimeuliza kwa nini log ya 0 haipo. Nilisema kwa Kiswahili, wakacheka. Mwalimu kaniambia nisubiri mwisho wa kipindi. Kipindi kikaisha nikasubiri. Akasema chukua elfu moja gawa kwa kumi, inakuwa mia, kumi, moja, halafu senti, endelea, utapunguza mpaka uchoke lakini sufuri huifikii. 10 haina kipeo cha kuipa 0. Kisha akaniuliza jina langu. Ananifundisha tangu Januari."

Nilirudi kwenye lile neno "kweli". Mashine ingelisoma na isingejua linajibu nini, kwa kuwa ule mstari mwingine ulishafutwa. Hakuliandika kwa ajili ya mashine.

Siku zile Sefu alibandika daftari kama zamani, ikamsalimu kama zamani. Dada alikuja tena na mihogo, akasimama tena nyuma yake, akatikisa kichwa kwa mshangao uleule. Nilimwacha na imani yake. Kijana wa fundi naye nilimwita kando nikamwelekeza atengeneze daftari lake. Aliandika mstari mmoja, akachoka.

Mstari wa mwisho niliousoma, kwa maana baada ya hapo niliacha kusoma, ulikuwa wa tarehe 20:

"Asubuhi getini mwalimu ameita Sefu. Nikageuka nyuma nione anamwita Sefu gani."