Kukokotoa torki ya shafti kutokana na nguvu na kasi ya mota

Torki ni uwezo wa kani kuzungusha kitu, nayo hupimwa kwa nyutoni-mita. Ukisukuma mkono wa spana wenye urefu wa mita 1 kwa kani ya nyutoni 10, unaipa nati torki ya nyutoni-mita 10. Nguvu ya mota, inayopimwa kwa wati, ni kitu kingine: inaonyesha kazi inayofanyika kila sekunde, na ndiyo maana mota mbili zenye nguvu sawa hutoa torki tofauti iwapo kasi zao hazilingani. Ile inayozunguka polepole ndiyo yenye torki kubwa.

Kanuni yake ni fupi:

```
T = P / ω
ω = 2 × π × n / 60
```

Hapa T ni torki, P ni nguvu kwa wati, ω ni kasi ya mzunguko kwa radiani kwa sekunde, na n ni idadi ya mizunguko kwa dakika.

Tuchukue mota ambayo kibao chake kimeandikwa 4 kW na 1440 r/min. Kwanza tunabadili kasi, kisha tunagawa:

```
ω = 2 × 3.1416 × 1440 / 60 = 150.8
T = 4000 / 150.8 = 26.5 Nm
```

Mafundi wengi hutumia njia ya mkato, T = 9550 × P / n, ambapo P huwa katika kilowati. Namba 9550 imetokana na kugawa 60,000 kwa 2π, na jibu linabaki lile lile la 26.5. Nashauri mwanafunzi apitie njia ndefu mara kadhaa kabla ya kuitegemea hii, kwa sababu anayekariri 9550 bila kujua asili yake ndiye huingiza wati 4000 mahali pa kilowati 4, akapata jibu lililozidi mara elfu.

Tumia kasi iliyoandikwa kwenye kibao, wala si 1500, ambayo ni kasi ya uga wa sumaku wa mota ya namna hii kwenye umeme wa hezi 50. Rota, yaani sehemu ya mota inayozungusha shafti, huzunguka polepole kidogo kuliko uga huo inapobeba mzigo. Vilevile, kilowati za kibao ni nguvu inayotoka kwenye shafti, si umeme unaoingia, kwa hiyo usizipunguze tena kwa ajili ya upotevu wa ndani ya mota.

Iwapo shafti hiyo inaingia kwenye giaboksi inayopunguza kasi mara 20 kwa ufanisi wa asilimia 90, torki ya upande wa kutokea ni:

```
26.5 × 20 × 0.9 = 477 Nm
```

Shafti ya upande huo, pamoja na kabari yake, ichaguliwe kwa kutumia 477, si 26.5, huku ukiacha akiba kwa ajili ya mshtuko wa kuwasha.